Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupatana na Wasambazaji wa Samaki Wabichi na Mboga Jijini Mbeya

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaonunulia jiko linalopika kila siku, kama vile hoteli ndogo, mgahawa, bweni la shule au kambi ya wafanyakazi, na ambao samaki wao hutoka Kyela kwenye Ziwa Nyasa, huku mboga zikitoka Uyole, Rungwe na, kwa nyanya hasa, Ilula mkoani Iringa. Bei zilizotajwa humu ni za kufanyia hesabu tu. Weka za wiki yako mahali pake.

Nianze kupatana bei, muda wa kufikisha au ubora?

Anza na mahali mzani utakapowekwa. Msambazaji akikutajia bei ya kilo, swali la kwanza ni kilo hiyo inapimwa wapi: ufukweni Matema au Itungi, stendi ya Kyela, au mlangoni mwa jiko lako? Kilo iliyopimwa ziwani ina maji, ina samaki walioharibika njiani na ina samaki mmoja au wawili ambao hutawapokea. Kilo iliyopimwa mlangoni kwako, baada ya ukaguzi, ni ile utakayoipika. Tofauti ya kilo hizo mbili ndiyo hasara ya safari, na mapatano yote mengine kwa kweli ni mapatano ya nani abebe hasara hiyo.

Ndiyo maana sipendi kuona bei, muda na ubora vikizungumzwa kwa siku tofauti. Mnunuzi anayepunguziwa bei leo na kuja kudai barafu zaidi kesho atakuwa ameomba mara mbili kitu kimoja, na msambazaji atakirudisha kwenye bei kimyakimya, au atakipunguza kwenye barafu.

Muuzaji wa Kyela ana bei ndogo kuliko wa Mwanjelwa. Nitajuaje nani ni nafuu?

Linganisha bei ya kilo iliyo tayari kwa sufuria. Tuseme unahitaji magege, samaki wa jamii ya perege. Mama wa Kyela anauza kilo kwa shilingi 9,000, wakiwa wazima na utumbo wao, mzani ukiwa Kyela. Muuzaji wa Soko la Mwanjelwa anauza kwa 12,000, wakiwa wameparuliwa magamba na kutolewa utumbo, na anawaleta mwenyewe hadi jikoni.

Unaagiza kilo 40 Kyela. Samaki ni shilingi 360,000, nauli ya mzigo kwenye basi na bodaboda ya kutoka stendi ni 25,000, na barafu ni 15,000. Jumla shilingi 400,000. Wakifika, kilo 2 zinakataliwa kwa sababu matumbo yamepasuka, zikabaki kilo 38. Baada ya kuparua magamba na kutoa utumbo unabaki na takriban asilimia 85 ya uzito, yaani kilo 32.3. Gawanya 400,000 kwa 32.3, utapata karibu shilingi 12,384 kwa kilo. Magege wa Kyela waliotajwa kwa 9,000 wamekuwa ghali kuliko wa Mwanjelwa.

Sasa badilisha sharti moja tu: mzani uhamie mlangoni kwako, na ulipe kilo 40 zilizokubaliwa. Gharama inabaki 400,000, lakini nyama iliyo tayari ni kilo 34, na kilo moja inashuka hadi shilingi 11,765 hivi. Hujapunguziwa hata shilingi ya bei iliyotajwa, na umeokoa zaidi ya 600 kwa kila kilo.

Hesabu hiyo inakupa pia mwisho wa kupandishiwa. Mama yule atakwambia, kwa haki kabisa, kwamba ukimhamishia hasara ya njiani lazima aongeze kidogo. Akiongeza 200, samaki watakuwa 368,000, jumla na usafiri na barafu 408,000, na ukigawa kwa kilo 34 unapata 12,000 kamili, sawa na Mwanjelwa. Kwa hiyo hadi 9,200 unaweza kumkubalia bila kupoteza. Zaidi ya hapo, ubaki naye tu ikiwa samaki wake ni wabichi kuliko wa sokoni, jambo ambalo mara nyingi ni kweli.

Kipimo hicho cha asilimia 85 kipate jikoni kwako mwenyewe, kwa kupima magege wachache kabla na baada ya kuwaandaa, kwa maana hubadilika kwa ukubwa wa samaki na kwa mkono wa mpishi. Ikiwa unauza minofu mitupu, hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu samaki wa jamii ya perege hutoa mnofu usio na mifupa wa takriban theluthi moja tu ya uzito wake.

Msambazaji anakataa kupimia kwangu. Anasema nitamwibia.

Hofu yake ina msingi, kwani yeye yuko Kyela na mzani uko kwako. Usimjibu kwa kumhakikishia uaminifu wako. Mjibu kwa utaratibu. Kwanza, mzani uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo na uwe na stika yake. Pili, kuwe na njia ya kuujaribu mbele ya mtu aliyeleta mzigo: weka ndoo tupu juu yake, urudishe kwenye sifuri, kisha mimina lita 10 za maji, mzani ulio sawa utaonyesha kilo 10. Tatu, upimaji ufanyike mbele ya dereva au mtu wake, na picha ya samaki pamoja na namba ya mzani itumwe kwake papo hapo, kabla mzigo haujaingia ndani.

Kisha mkubaliane juu ya maji. Samaki waliotoka kwenye barafu huja wamelowa, na barafu iliyoyeyuka ni uzito usio wa mtu yeyote. Waweke kwenye kreti lenye matundu kwa dakika 5, wakichuruzika, ndipo wapimwe. Dakika 5 ziandikwe, kwa sababu mnunuzi anayewaacha nusu saa kwenye upepo wa Mbeya anamdhulumu muuzaji kama vile muuzaji anayepima pamoja na barafu anavyomdhulumu mnunuzi.

Nikague nini samaki wakifika, na kwa mpangilio gani?

Joto kwanza, kabla hujamtoa samaki hata mmoja kwenye barafu. Tumia kipimajoto cha kuchoma, uingize ncha yake kwenye sehemu nene ya nyama nyuma ya kichwa, kwa samaki wa juu, wa katikati na wa chini. Samaki aliyezikwa vizuri kwenye barafu huwa karibu na nyuzi 0 za Selisiasi. Nyuzi 4 ndiyo mpaka ninaoshauri uandikwe kwenye mapatano. Kipimajoto chenyewe kijaribiwe mara kwa mara kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo. Kisiposoma 0 au karibu sana nayo, hakifai kumhukumu mtu.

Tahadhari moja inahusu jiografia yetu. Kyela iko chini, karibu na usawa wa ziwa, kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na joto lake ni kali. Mbeya iko kwenye mita 1,700 na baridi yake inajulikana. Samaki aliyekaa kwenye jua la Kyela tangu alfajiri, akapanda milima ya Tukuyu usiku, anaweza kukufikia akiwa na ngozi ya baridi kabisa. Mkono ukimgusa unadanganyika. Bakteria walioongezeka kwenye saa zile za joto hawaondoki kwa kuwa samaki amepoa baadaye, na kwa hiyo kipimajoto peke yake hakitoshi.

Baada ya joto, angalia jicho, matamvua, tumbo na nyama. Jicho la samaki mbichi limejaa na linang'aa, mboni ikiwa nyeusi. La aliyechakaa limezama na lina ukungu. Matamvua, ambayo wengi sokoni huyaita mashavu, yanapaswa kuwa mekundu na yenye ute mwepesi. Yakiwa ya kahawia na ute mzito unaonata, samaki huyo amechelewa. Bonyeza nyama kwa kidole: ikirudi mara moja ni nzima, shimo likibaki si nzima. Samaki aliyekakamaa bado ni dalili nzuri sana, kwa kuwa ukakamavu baada ya kufa hupita kadiri saa zinavyokwenda. Mwisho ni harufu. Samaki mbichi wa ziwani hunuka maji na majani ya ziwani. Ukisikia uchachu au harufu inayochoma puani, usitafute dalili nyingine.

Kwa usipa, kanuni ni kali zaidi. Ni samaki wadogo wanaouzwa wazima na utumbo wao, na vimeng'enya vya tumboni huanza kula ukuta wa tumbo mapema sana wasipopozwa. Chota kiganja kimoja kutoka katikati ya mzigo, si juu. Ukiona matumbo mengi yamefunguka, mzigo huo ni wa kukaushwa juani, haufai kupokelewa kama usipa wabichi.

Wakija wameshatolewa utumbo na matamvua, nitajuaje?

Kutoa utumbo ziwani ni jambo jema, kwa sababu uharibifu huanzia huko na hulipii nauli ya takataka. Lakini unapoteza shahidi mmoja mkubwa, yaani matamvua. Fungua tumbo uangalie mshipa wa damu unaopita chini ya uti wa mgongo: damu ikiwa nyekundu inayong'aa, samaki ni mbichi, ikiwa ya kahawia na nyama ya pembeni imeanza kupata rangi hiyo, amekaa. Angalia pia kama mifupa ya mbavu imeanza kuachana na nyama. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba katika kila mzigo magege wachache, tuseme 3, waachwe na matamvua yao ili wawe kipimo.

Barafu iwe kiasi gani, na nani ailipie?

Kwa joto la Kyela, omba kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki, ndani ya sanduku la baridi lenye mfuniko unaofunga na tundu la kutolea maji. Barafu iwe imepondwa na kupangwa tabaka kwa tabaka, samaki wasigusane na ukuta wa sanduku. Wengi hutumia chupa za maji zilizogandishwa kwenye friji ya nyumbani. Hizo ni bora kuliko kukosa, lakini hugusa samaki sehemu chache tu na waliobaki katikati hawapoi.

Kuhusu malipo, mimi nashauri barafu ilipwe na mnunuzi, kama mstari wake wa peke yake, nje ya bei ya kilo. Barafu iliyofichwa ndani ya bei ndiyo ya kwanza kupunguzwa siku msambazaji anapobanwa. Ukiilipia peke yake unapata haki ya kuitafuta: fungua sanduku, na ikiwa bado kuna barafu isiyoyeyuka kati ya samaki, alichoahidi amekifanya. Ukikuta maji matupu, hujui yamekuwa maji tangu saa ngapi, na mzigo huo ukaguliwe samaki mmoja mmoja.

Nimwambie afikishe saa ngapi? Na akichelewa?

Panga kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kupika. Ikiwa chakula cha mchana kinaanza saa 6, na kuparua na kukaanga kunahitaji saa 2 na nusu, samaki wafike kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Toa dirisha la saa nzima, usitoe dakika, kwa kuwa barabara ya kutoka Kyela kupitia Tukuyu ina mvua na ukungu mwingi, na mtu akifika Uyole bado anaweza kukutana na foleni ya malori kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma. Msambazaji anayeahidi saa 2 kamili kila siku anaahidi kitu ambacho si chake.

Adhabu ya kuchelewa iende kwa hatua. Akipiga simu kabla dirisha halijafungwa, akafika ndani ya saa moja inayofuata, na joto la samaki liko sawa, asikatwe chochote. Asipopiga simu, gharama ya bodaboda ya kwenda kutafuta samaki wengine Mwanjelwa iwe juu yake. Sharti la simu lina thamani kuliko sharti la saa, kwa sababu mpishi aliyeambiwa saa 2 na nusu kwamba basi limekwama Kiwira bado anaweza kubadilisha chakula cha siku, lakini aliyeambiwa saa 5 hana la kufanya.

Mboga ni rahisi zaidi. Uyole ni karibu, na jambo la kudai ni kwamba mboga za majani zivunwe alfajiri ya siku hiyo au jioni iliyotangulia, na zisikae kwenye kiroba kilichofungwa usiku kucha, kwani huchemka zenyewe ndani na kuanza kuwa njano.

Kwa nini bei ya samaki hupanda ghafla? Siwezi kupata bei moja ya mwaka?

Ukilazimisha bei moja ya mwaka, utapata samaki wakati wamejaa na utawakosa wakati wameadimika, maana hakuna atakayekuletea kwa hasara. Ni afadhali ujue sababu za kupanda na uziingize kwenye mapatano.

Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri palipo na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa unafifia na mavuno yanashuka, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa za uhaba zinazojulikana kwa kalenda. Patana bei mbili za usipa, ya siku za giza na ya siku za mbalamwezi, na tarehe ziandikwe. Upande wa upepo, kuanzia Mei hadi Agosti pepo za kusini huchafua ziwa na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Hapo magege na usipa wote hupanda, na si busara kumwona msambazaji kuwa mwongo. Mbasa nao huingia mitoni, kama Kiwira na Mbaka, kuzaliana wakati wa mvua. Mimi siagizi mbasa waliojaa mayai, na nashauri jiko lako lipange chakula kingine kwa wiki hizo, kwa sababu samaki hao ndio mzigo wa miaka ijayo.

Kwa mboga, bei ya kufuata soko hufaa zaidi. Andikeni kwamba bei ya nyanya, karoti na kabichi itakuwa bei ya jumla ya Mwanjelwa asubuhi ya Jumatatu, ikishuhudiwa na pande zote mbili kwa simu kwa wauzaji 2 waliotajwa, pamoja na nyongeza maalumu ya kufikisha. Nyongeza hiyo haibadiliki. Bei ya soko ndiyo inayopanda na kushuka. Hakuna anayemlalamikia mwenzake, na mazungumzo ya kila wiki yanakwisha kwa dakika chache.

Nikubali lumbesa? Naona napata mzigo mwingi kwa bei ileile.

Usikubali. Lumbesa imekatazwa na Sheria ya Vipimo, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Zaidi ya sheria, lumbesa inakuharibia hesabu, kwa sababu nundu la juu halina kipimo: leo ni kubwa, kesho ni dogo, na wewe hujui umelipa kilo kwa shilingi ngapi. Anayeumia wa kwanza ni mkulima wa Isangati au Igoma aliyejaza viazi vya ziada bure, lakini hata mnunuzi hana anachoweza kudai. Nunua viazi, karoti na vitunguu kwa kilo, mzani ule ule wa samaki ukitumika baada ya kuoshwa na kukaushwa.

Tenga la nyanya nilikague vipi?

Limimine. Hakuna njia nyingine, na muuzaji mzuri hatakasirika. Mara nyingi nyanya za juu ni kubwa, ngumu, za rangi moja, na zimepangwa kwa mkono. Nusu ya tenga ukiingia unakutana na ndogo, na chini kabisa zipo zilizobonyea kwa uzito wa wenzake, zikiwa zimelowa na moja au mbili zimepasuka na kuanza kuota ukungu. Nyanya moja iliyopasuka chini hulowanisha zinazoizunguka, na baada ya siku 2 umepoteza safu nzima.

Zimwage taratibu juu ya turubai, zitenge katika mafungu matatu: nzima, za kutumika leo, na za kutupa. Pima kila fungu. Patana kabla kwamba za kutupa hazilipwi, za kutumika leo zinalipwa nusu bei, na kwamba fungu la kutupa likizidi sehemu moja ya kumi ya uzito, tenga lote linaweza kurudishwa. Safari ya kutoka Ilula ni ndefu, na nyanya zilizorundikwa kwenye matenga marefu huumia kuliko zilizowekwa kwenye kreti za plastiki. Ukiweza kumnunulia msambazaji kreti chache na kuziandika jina lako, gharama yake itarudi haraka.

Agiza pia kiwango cha kuiva. Jiko linalopokea nyanya mara 2 kwa wiki lihitaji theluthi moja zilizoiva na zilizobaki zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi. Hizo zisiingie friji, kwani nyanya ambayo haijaiva ikipata baridi kali haiivi vizuri tena na huwa na ladha ya maji. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Mbeya ukiwa wa baridi sana, ziweke ndani mbali na dirisha na uongeze sehemu ya zilizoiva kwenye oda yako.

Nitajuaje kwamba mboga hazikuvunwa siku ya kupuliziwa dawa?

Kwa macho pekee hutajua. Madoa meupe kama vumbi kwenye kikonyo cha nyanya ni dalili kwamba dawa ya ukungu ilipuliziwa karibuni, lakini dawa nyingine hazionekani, na zile zinazoingia ndani ya mmea haziondoki kwa kuoshwa. Kwa hiyo hili ni jambo la kupatana shambani. Kila kibandiko cha dawa kina idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Mwombe mkulima aandike kwenye daftari jina la dawa, tarehe aliyopulizia na tarehe aliyovuna, na akupigie picha kibandiko. Utaona mwenyewe kama siku zinatosha.

Wakati wa mvua ndio wa kuuliza zaidi, kwa sababu ugonjwa wa baka chelewa hushambulia nyanya na viazi, na mkulima asipopulizia mara kwa mara hukosa zao lote. Ukimbana bei sana katika miezi hiyo unamsukuma avune mapema kabla siku hazijatimia. Nashauri umwongezee kidogo kwa mzigo wenye daftari, na uwe tayari kula kabichi na karoti wiki ambayo nyanya zake hazijafikisha siku.

Mchicha na chainizi huletwa vikiwa vimelowa chapachapa. Ni sawa?

Kunyunyizia kidogo kunahifadhi ubichi. Kuloweka kunauza maji. Vining'inize au vikung'ute kabla ya kupima, au nunua kwa fungu lenye ukubwa mliokubaliana.

Nikatae mzigo namna gani bila kuvunja uhusiano?

Kataa mapema, kwa ushahidi, na kwa heshima. Mapatano yaseme una dakika 30 tangu mzigo kufika. Baada ya hapo mzigo ni wako hata ukiharibika. Piga picha kipimajoto kikiwa ndani ya samaki, matamvua yaliyofunguliwa na namba ya mzani, kisha umpigie simu msambazaji kabla ya kumwambia dereva neno lolote. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama. Mzigo umefika salama, ila kuna magege kilo 3 ambao matamvua yao yamekuwa ya kahawia. Nimekutumia picha. Wengine wote ni wazuri sana."

"Marahaba mwanangu. Hao ni wa mtumbwi wa mwisho, walikaa juani kidogo. Wakate kwenye hesabu, kesho nitawaacha."

Kumbuka kwamba samaki waliokataliwa Mbeya hawana njia ya kurudi Kyela. Kwa hiyo patana mapema watakwenda wapi: wale waliochelewa kidogo lakini hawajanuka uchachu unaweza kuwanunua kwa nusu bei ukawakaanga mara moja, na walioharibika wafukiwe mbele ya dereva, wasije wakaishia kwenye meza ya mtu mwingine sokoni.

Nilipe taslimu au kwa mali kauli?

Mali kauli, yaani kuchukua mzigo leo na kulipa baadaye, ina bei yake hata kama haijatajwa. Msambazaji wa samaki hulipa wavuvi alfajiri ile ile, na ukimkalia na pesa wiki 2 atakopa kwingine na kukuongezea kwenye kilo. Muulize waziwazi bei mbili, ya kulipwa siku hiyo kwa simu na ya kulipwa kila Jumamosi, kisha uchague. Taslimu ikipunguza hata shilingi 300 kwa kilo, kwenye kilo 40 ni 12,000 kwa mzigo mmoja.

Kutanguliza pesa kuwe kwa nauli na barafu tu. Ukitanguliza bei ya samaki wote, haki yako ya kukataa mlangoni inabaki ya maneno. Kampuni na shule zinazohitaji risiti ya EFD ziseme hivyo siku ya kwanza, kwa kuwa wauzaji wengi wadogo hawana mashine hiyo na itabidi mzigo upitie kwa mtu aliye nayo, ambaye naye atataka chake.

Kuna karatasi gani za kudai?

Kwa samaki, kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa uvuvi wa eneo walikotoka. Bila hicho mzigo unaweza kuzuiwa njiani na wewe ukalala njaa. Kwa makubaliano yenu, ukurasa mmoja unatosha, ukitaja aina na ukubwa wa samaki, mahali pa mzani, joto la juu kabisa, dirisha la kufika, muda wa kukataa, bei na namna inavyobadilika, na siku ya malipo. Kila upande ubaki na nakala yenye sahihi.

Ijumaa Kuu inakaribia na kila mtu anataka samaki. Nifanye nini?

Weka oda yako kabla Kwaresima haijafika nusu, kwa kilo na kwa tarehe, na ukubali bei ya juu kidogo kwa wiki ile ya mwisho tu. Angalia kalenda pia: Pasaka hufuata mwezi mpevu, hivyo Ijumaa Kuu huangukia karibu na mbalamwezi, wakati usipa ni haba. Agiza magege badala yake, au nunua usipa wakavu mapema, na kwa mzigo wa wiki hiyo usilegeze sharti hata moja la joto na barafu, kwa sababu ndiyo wiki ambayo samaki waliokaa hutolewa kwenye majokofu na kuchanganywa na wabichi. Aliyegandishwa akayeyushwa utamtambua kwa jicho jeupe lililopauka, nyama laini isiyorudi na maji mengi yanayotoka anapokatwa.